Mhuri Nilioufungia Kabatini

Mchagga mwezi wa Desemba yuko nyumbani. Hata kama anaishi Dar es Salaam, Mwanza au Ulaya, tarehe 24 utamkuta mgombani kwao, anauliza ng'ombe amechinjwa saa ngapi na mbege imeiva lini. Sisi tunaoishi mjini Moshi hatuna safari ndefu, lakini nasi hupanda. Ofisi inafungwa, gari linapakiwa mchele na sabuni, na mambo ya karatasi yanasubiri Januari. Ni desturi nzuri, na sitaki mtu aiache. Ila kwa sisi mawakili ina mtego ndani yake, kwa sababu leseni zetu zote Tanzania Bara zinaisha siku moja, tarehe 31 Desemba. Mimi niliingia mtegoni humo nikiwa na miaka kumi na miwili kazini, na nusura nimponze mama mmoja mjane akose shamba lake.

Nitaeleza ilivyokuwa, kwa sababu nimegundua kuwa watu wengi wanaotulipa hawajui kuwa leseni ya wakili inaweza kuisha, wala hawajui inawahusu nini ikiisha.

Mwaka ule, miaka michache iliyopita, nilijiona nimejipanga. Tarehe 18 Desemba nililipa kwa simu ada ya mwaka ya Chama cha Mawakili Tanganyika. Ujumbe wa malipo ukaingia, nikamwonyesha mume wangu, nikasema, "Hili nalo nimelimaliza." Tukapanda Kibosho. Tarehe 27, asubuhi na mapema, mama yangu alianguka akiwa anatoka kukamua ng'ombe. Mdomo ulikuwa umepinda na mkono wa kulia haushiki kitu. Ilikuwa kiharusi. Tukamteremsha hospitali mjini, na kuanzia siku ile mpaka mwisho wa Januari maisha yangu yalikuwa wodini: uji, shuka, mazoezi ya mkono, kulala kwenye kiti. Januari nzima sikugusa faili hata moja. Karani wangu alikuwa anapokea simu na kuandika majina ya waliopiga.

Katika majina hayo lilikuwamo la mama mmoja wa Old Moshi. Mume wake alifariki akamwachia kihamba, na shemeji zake wakadai kuwa kihamba ni cha ukoo, naye hana lake pale ila kuishi kwa hisani. Kesi ilikuwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hukumu ilisomwa tarehe 9 Januari, akaisikiliza peke yake kwa kuwa mimi nilikuwa hospitali. Alishindwa.

Anayeshindwa katika baraza hilo ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Nilihesabu kwa vidole nikiwa nimekaa pembeni ya kitanda cha mama: Januari zimebaki 22, Februari tunaongeza 23, kwa hiyo mwisho ni tarehe 23 Februari. Muda ulikuwepo. Mama aliporuhusiwa kurudi nyumbani nilifungua ofisi tarehe 1 Februari, nikaandika sababu za rufaa, na tarehe 12 karani akazipeleka masjala ya Mahakama Kuu hapa Moshi. Chini ya karatasi, kama sheria inavyotaka, kulikuwa na jina langu kama mwandaaji, sahihi yangu na mhuri wangu.

Tarehe 16 jioni simu ikaita. Alikuwa wakili wa wale mashemeji, mzee ambaye nilimkuta kazini nikiwa bado mwanafunzi. Tulisalimiana, akaniuliza hali ya mama, nikamshukuru. Kisha akanyamaza kidogo, akasema:

"Mwanangu, nimepokea rufaa yako. Nimeangalia jina lako kwenye mfumo wa mahakama. Leseni ya mwaka huu haipo."

Nikamjibu nimelipa tangu Desemba. Akasema, "Umelipa nini?"

Swali hilo fupi ndilo lililonivua nguo. Nililipa ada ya chama. Leseni yenyewe sikuiomba kabisa.

Hapa ndipo wengi wetu hujikwaa, na nadhani si mawakili peke yao. Kazi za namna hii zina vitu vitatu tofauti ambavyo mtu huvichanganya kwa kuwa vyote hulipiwa karibu wakati mmoja. Cha kwanza ni jina lako kuwamo katika Daftari la Mawakili linalotunzwa na Msajili wa Mahakama Kuu. Hilo unaliingia mara moja, siku unapoapishwa, na unapewa namba ambayo ni yako mpaka ufe au ufutwe kwa kosa. Cha pili ni uanachama wa chama, wenye ada yake na masomo yake ya elimu endelevu ambayo ni lazima uyahudhurie na kupata alama. Cha tatu ndicho leseni yenyewe, cheti cha mwaka kinachotolewa na Msajili, kinachosema kuwa mwaka huu unaruhusiwa kufanya kazi. Ada ya chama inakufungulia njia ya kuomba cheti. Si cheti. Mimi nilikuwa na cha kwanza na cha pili, nikadhani nina vyote.

Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inatupa nafasi ya kupumua. Anayepata cheti ndani ya mwezi wa Januari anahesabiwa kuwa amekuwa nacho tangu tarehe mosi. Ndiyo maana Januari utasikia mawakili wanataniana, "Umehuisha?" Ikishapita tarehe 31 Januari, mlango huo unafungwa. Cheti utakachopata Machi kinaanza Machi. Hakirudi nyuma kufunika Februari. Mtu anaweza kudhani kuwa akichelewa atalipa faini na mambo yatanyooka yote. Faini inanyoosha mambo kuanzia siku ya cheti kwenda mbele. Yale ya nyuma yanabaki yalivyo.

Na yakoje? Kwa lugha ya sheria, wakili asiye na cheti ni mtu asiye na sifa. Hawezi kusimama mahakamani kwa niaba ya mtu, hawezi kuandaa mkataba wa ardhi wala karatasi ya kesi kwa malipo, na akifanya hivyo anatenda kosa. Hata ujira wake hawezi kuudai mahakamani. Hayo yananihusu mimi, na ningeyabeba. Linalouma ni lile linalomhusu mteja. Mahakama ya Rufani ilishalizungumza katika shauri la uchaguzi la Songea, la Edson Osward Mbogoro dhidi ya Emmanuel Nchimbi, Rufaa ya Madai Namba 140 ya 2006. Iliamua kwamba wakili anayefanya kazi bila cheti hai anavunja sheria, na zaidi ya hapo, alichokifanya akiwa katika hali hiyo hakina nguvu kisheria. Karatasi za rufaa zilizoandaliwa hivyo hazikusimama.

Kenya walipita njia hiyo hiyo, kisha wakageuka. Kwa miaka kadhaa mahakama zao zilikuwa zinazikataa karatasi za wakili asiye na cheti. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika shauri la benki na kampuni ya Anaj Warehousing, ikasema hapana: hati ya rehani iliyoandaliwa na wakili wa namna hiyo haifi kwa sababu hiyo tu, kwa kuwa mteja hakukosa. Aadhibiwe wakili. Niliisoma hukumu hiyo usiku ule mara mbili, kama mtu anayeangalia chakula cha jirani dirishani. Mimi sikuwa Nairobi. Nilikuwa Moshi, na hapa kwetu linaloongoza ni neno la Mahakama ya Rufani.

Yule mzee alikuwa na hiari mbili. Angeweza kukaa kimya mpaka tarehe 23 ipite, siku 45 ziishe, ndipo aweke pingamizi la awali. Rufaa ingeondolewa mahakamani na yule mama angekuwa nje ya muda. Angebaki na njia ya kuomba kuongezewa muda, kwa kiapo na sababu za msingi, na jaji angepima kama uzembe wa wakili ni sababu. Mara nyingi si sababu. Mzee aliniambia wazi, "Mimi nina wateja wangu, na pingamizi nitaliweka wiki ijayo. Sitaliacha. Lakini siwezi kushinda kihamba cha mjane kwa kuwa mama yako aliumwa. Una siku saba. Lala salama."

Sikulala. Asubuhi nilifanya jambo la kwanza ambalo ni jepesi kulisema. Nilichukua mhuri, nikaufungia kabatini, ufunguo nikampa karani. Nikamwambia kuanzia sasa hakuna karatasi inayotoka na jina langu. Kisha nikafungua daftari la viapo.

Sisi mawakili pia ni makamishna wa viapo. Wewe msomaji huenda hujawahi kuwa na kesi, lakini umewahi kuja kwetu na kiapo cha tofauti ya majina, au cha kupotelewa na cheti, ukalipa, ukagongewa mhuri. Mamlaka hayo yanategemea cheti kile kile cha mwaka. Kuanzia tarehe 1 hadi 16 Februari nilikuwa nimegonga viapo kumi na kimoja. Nikawapigia wote kumi na mmoja. Tisa walikuwa bado na karatasi nyumbani, wakaja, nikawarudishia fedha na kuwapeleka kwa wakili jirani waape upya. Mmoja alikuwa ameshaipeleka kwenye mambo ya mafao ya marehemu baba yake, ikabidi tuandike nyingine na kwenda naye kubadilisha. Wa mwisho alinitukana kwanza, kisha akaja.

Baada ya hapo nilipanda Old Moshi kwa mama mwenye kihamba.

Huku kwetu mtu akikukosea sana huja na isale, jani lile refu la mpaka wa kihamba. Ukiliona mkononi mwake unajua amekuja kuomba msamaha, na ni vigumu kumfukuza. Nililichuma kwetu, nikaliweka kiti cha nyuma cha gari, na njia nzima nikaona aibu, mwanasheria mzima na jani. Nilipofika nilimkuta anapalilia kahawa. Aliliona isale kabla hajaniona mimi vizuri. Akaacha jembe.

"Nani amekufa, mwanangu?"

"Hakuna aliyekufa, mama. Mimi nimekukosea."

Nilimweleza yote, bila Kiingereza cha mahakamani. Kwamba kibali changu cha kazi kiliisha. Kwamba nilidhani nimekilipia. Kwamba rufaa niliyompelekea ni kama barua isiyo na stempu, itarudishwa. Kwamba bado tuna siku sita. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja ambalo sijawahi kuulizwa na profesa yeyote: "Sasa wewe ni wakili au si wakili?"

Nikamjibu kwamba ni wakili kwa jina, si wakili kwa kazi. Jina langu liko kwenye daftari, ila mwaka huu sina ruhusa. Akafikiri. Akasema, "Kama ng'ombe aliyekauka maziwa. Ni ng'ombe, lakini hukamui." Akapokea isale.

Siku sita zile zilikwenda hivi. Nilikuwa na hamu ya kuandika sababu mpya za rufaa na kumpa mwenzangu mwenye cheti aweke sahihi tu. Hilo ni kosa lile lile kwa mlango wa nyuma, kwani mwandaaji angekuwa bado mimi. Nilimkabidhi faili lote wakili kijana wa mtaa wetu, na ada yote niliyokuwa nimepokea. Alisoma usiku mzima. Aliandika sababu zake mwenyewe, na nakiri mbili zilikuwa bora kuliko zangu. Wakati huo huo aliiandikia mahakama kuomba rufaa ya kwanza iondolewe kwa ruhusa ya kuirudisha, akieleza kwamba iliandaliwa na mtu ambaye siku ile hakuwa na cheti. Hatukuweza kupeleka ya pili huku ya kwanza ipo, kwa kuwa mahakama haipendi rufaa mbili za jambo moja. Mahakama ilikubali kulisikiliza ombi tarehe 21. Yule mzee alisimama akasema hana pingamizi. Rufaa ikaondolewa. Tarehe 22 ikapelekwa mpya, ikalipiwa upya, na fedha hiyo niliitoa mimi. Ilibaki siku moja.

Kumbuka, ndugu msomaji, hilo liliwezekana kwa kuwa siku hazijaisha. Kama simu ile ingekuja tarehe 24, hadithi ingekuwa nyingine.

Nami nikageukia cheti changu. Kuhuisha ndani ya muda ni jambo la nusu saa ukiwa na kila kitu. Unaingia kwenye mfumo wa mahakama uitwao e-Wakili kwa namba yako, mfumo unaangalia kama umemaliza na chama, unajaza ombi, unapewa namba ya malipo ya serikali, unalipa benki au kwa simu, unasubiri cheti. Ukichelewa hatua ni zile zile, lakini zinaongezeka mbili. Ya kwanza ni adhabu ya fedha juu ya ada ya kawaida. Ya pili ni maelezo: kwa nini umechelewa, na tangu cheti kilipoisha umekuwa unafanya nini.

Hapo penye "umekuwa unafanya nini" nilikaa muda mrefu. Ingekuwa rahisi kuandika kwamba nilikuwa namuuguza mama, nikaambatanisha karatasi za hospitali na kuishia hapo. Lilikuwa kweli, ila nusu. Nikaandika na nusu ya pili: rufaa moja na viapo kumi na kimoja, tarehe zake, na nilivyovirekebisha. Mume wangu alisoma akaniuliza kama najichimbia kaburi, maana Kamati ya Mawakili inaweza kumwita wakili kwa jambo kama hilo. Nilimwambia karatasi za mahakama zinabaki mahakamani. Mwenye kutaka kuziona atazikuta, zina jina langu na tarehe. Afadhali ajue kutoka kwangu.

Nilipungukiwa pia alama za elimu endelevu, kwa kuwa mafunzo ya mwisho wa mwaka sikuhudhuria. Nikahudhuria ya Februari, ndipo chama kikanikamilishia. Ombi likaenda tarehe 28. Cheti kilitoka tarehe 9 Aprili. Kimeandikwa tarehe 9 Aprili, na kuanzia tarehe hiyo ndipo nilipokuwa wakili tena.

Katikati hapo ni wiki saba na zaidi. Watu huniuliza nilikula nini. Tulikula mshahara wa mume wangu, ambaye ni mwalimu, na ndizi za Kibosho. Ada ya shule ya mtoto wa pili tuliilipa kwa mafungu. Faili zangu nane niliwarudishia wenyewe, watano hawakurudi, na siwalaumu. Nilikuwa nakuja ofisini kufagia na kupokea simu. Mtu akija na shida ninamwambia, "Kwa sasa siruhusiwi, nenda pale ng'ambo." Wengine walidhani nimefungiwa kwa wizi. Unaeleza mara ya kwanza na ya pili, ya tatu unachoka.

Mchana nilikuwa napanda kwa mama kumfanyisha mazoezi. Siku moja, ulimi wake ukiwa bado mzito, aliniuliza kwa nini siku hizi nina nafasi. Nilikuwa nimekusudia nisimwambie kamwe, kwani angejihesabu kuwa yeye ndiye chanzo. Nikamwambia nimepumzika. Akanitazama kwa lile jicho lake lililobaki zima, akasema polepole, "Uongo wako haujakua tangu darasa la tatu." Nikamweleza. Hakujilaumu hata kidogo. Alisema, "Mimi niliumwa Desemba. Kidole cha kubonyeza simu kilikuwa chako."

Ni kweli. Nimejiuliza sana kama ugonjwa wa mama ndio uliosababisha. Siwezi kusema hivyo. Ningekuwa mzima na mwenye nafasi Januari nzima, bado ningeamini kuwa ule ujumbe wa malipo ndio leseni. Kosa lilitendeka tarehe 18 Desemba, siku tisa kabla hajaanguka. Ugonjwa uliniondolea tu nafasi ya kuligundua.

Siku hizi Desemba hatupandi Kibosho mpaka nimekiona cheti cha mwaka unaokuja kwa macho yangu, chenye jina langu na mwaka wake, nimekichapisha na kukitundika ukutani. Risiti haitundikwi. Na nikishakitundika, ninaingia kwenye e-Wakili kama mtu baki, ninaandika jina langu, ninaangalia umma unaona nini. Kama umma hauoni, mimi sina.

Nawe unaweza kufanya hivyo hivyo kwa wakili wako, na ndiyo sababu hasa ya kuandika haya. Huhitaji kuwa na akaunti wala kumuuliza mtu. Unatafuta kwa jina, mfumo unakuonyesha kama anaruhusiwa kufanya kazi mwaka huu. Fanya hivyo kabla hujalipa kwa ajili ya kiapo, mkataba wa kununua kiwanja au rufaa, hasa miezi ya Februari na Machi, ambapo walioteleza Desemba bado hawajajua kuwa wameteleza. Ukikuta jina halionyeshi ruhusa, usimtangaze mtaani. Muulize. Huenda ni mwizi, huenda ni mtu aliyekuwa wodini. Ila usiweke karatasi yako mikononi mwake mpaka cheti kitoke, na kama ameshaiandaa, angalia kwanza siku zako zimebaki ngapi.

Rufaa ya mama wa Old Moshi ilisikilizwa, sababu kwa sababu, mpaka mwisho. Uamuzi wake ni wake kuusimulia. Nilimwambia kuwa kazi imehamia kwa yule kijana na atabaki naye, akakubali. Lakini kila Januari, karibu tarehe 20, hupiga simu. Hasalimii kwanza. Huuliza, "Ng'ombe ana maziwa?"

Nami namjibu, "Anayo, mama."

Ndipo ananipa salamu.